Saa kumi ya Kiberege, saa kumi na moja ya Maskati

Mtihani wa hisabati wa IGCSE unaotungwa na Cambridge, ule unaojulikana kwa namba 0580, ulibadilika mwaka 2025. Kabla ya hapo mtoto aliingia na kikokotoo katika karatasi zote. Sasa kila mtahiniwa hufanya karatasi mbili, na moja kati ya hizo, yenye nusu ya alama zote, hufanywa kwa kichwa na kalamu tu. Mtoto anayelenga alama za juu hukutana nayo kama Karatasi ya 2: saa mbili, alama 100, kikokotoo nje ya mlango.

Mabadiliko hayo yaliamuliwa mbali sana na Bonde la Kilombero, lakini ndiyo yaliyonipa kazi ninayoifanya sasa nikiwa Kiberege, kando ya barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara. Sisi tuliofundisha hisabati katika sekondari zetu tumelelewa na mtihani wa kidato cha nne ambao kikokotoo hakikuruhusiwa. Mwanafunzi wetu aliingia na majedwali ya hisabati, akagawanya kwa mkono, akatafuta kipeuo kwa kuchambua namba. Tulikuwa tukiuona huo kama mzigo. Kumbe kuna watoto Maskati, wanaosoma shule nzuri zenye maabara na maktaba, ambao tangu wakiwa wadogo kila hesabu wameibonyeza kwenye mashine, na sasa wanahitaji mtu wa kuwafundisha kile ambacho mtoto wa Kiberege alilazimika kukijua.

Walimu wengi wanaoniuliza habari za kufundisha kwa mtandao huanza na Kiingereza. Wamesikia kwamba Wachina wanalipa. Walilipa kweli, ingawa kampuni nyingi zilitaka mwalimu mwenye pasipoti ya Marekani, Uingereza au nchi chache za namna hiyo. Kisha Julai 2021 serikali ya China ilibana masomo ya ziada na kukataza kampuni kuwatumia walimu wa kigeni walio nje ya nchi. Soko lile lilifungwa ndani ya miezi michache. Mazungumzo ya Kiingereza bado yanauzwa kwa watu wa nchi nyingine, lakini mteja wa mazungumzo anaweza kumchagua yeyote duniani, na mara nyingi humchagua kwa lafudhi. Mwalimu wa Kiingereza anayetaka kudumu ningemshauri afanye kama wa hisabati: ashike mtihani mmoja wenye namba, kwa mfano ule wa Kiingereza kama Lugha ya Pili, 0510, ajue karatasi zake zote na jinsi alama zinavyotolewa, kisha auze hilo. Mzazi anayetafuta msaada husema mwanawe anafeli karatasi fulani. Ni nadra aseme anataka "Kiingereza" au "hisabati" kwa ujumla.

Maskati nimeichagua kwa sababu ya lugha na saa. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi, familia nyingi zilitoka Unguja, Pemba na bara zikaenda kuishi huko na Kiswahili chao. Leo mama wa mwanafunzi wangu anazungumza Kiswahili kitamu kuliko changu, bibi yake vilevile, lakini mtoto anasoma hisabati kwa Kiingereza na kucheza kwa Kiarabu. Kipindi nakifundisha kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya mtihani. Lakini swali la mzazi, "mwalimu, shida ya mtoto ni nini hasa?", nalijibu kwa Kiswahili. Mwalimu wa London hawezi kumpa mama huyu jibu hilo katika lugha ya nyumbani kwake, na ni hilo lililonipatia familia ya pili na ya tatu, kwa sababu akina mama hawa wanajuana na wanasimuliana.

Kuhusu saa, Omani iko mbele yetu kwa saa moja tu, mwaka mzima, na haibadilishi saa kwa majira. Uingereza hubadilisha: tuko mbele yao kwa saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi, na kwa saa tatu kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwalimu asiyeliandika hilo kwenye kalenda yake atamkosa mwanafunzi mara mbili kila mwaka. Marekani ni ngumu zaidi. Mtoto wa pwani ya mashariki anapotoka shuleni saa tisa alasiri, huku Kiberege ni saa nne au tano usiku. Huyo utampata Jumamosi tu, asubuhi yake ikiwa jioni yako.

Hata hiyo saa moja ya Omani iliwahi kunitia aibu. Nilimwandikia mzazi kwamba kipindi ni "saa kumi", nikimaanisha alasiri ya kwetu. Mama akaelewa saa kumi alasiri ya kwake, ambayo kwangu ni saa tisa. Mtoto, aliyesoma ujumbe uleule kwenye simu ya mama yake, akaelewa saa kumi ya Kizungu, ya usiku. Siku hiyo watu watatu tulikuwa na miadi mitatu. Tangu hapo naandika saa zote kwa mfumo wa saa 24 na naweka ya kwao kwanza: 17:00 Maskati, 16:00 Tanzania. Siandiki neno "saa" kabisa. Tena wiki yao ya shule ni Jumapili hadi Alhamisi, kwa hiyo Jumapili yangu ninayotoka kanisani ni siku yao ya masomo, na Ijumaa ninayofanya kazi wao wamepumzika.

Jambo jingine la saa lilinichukua mwaka mzima kuliona. Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea jua kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima. Maskati sivyo. Juni jua huzama karibu na 19:00, na mwishoni mwa Novemba huzama kama 17:20. Kipindi cha 17:00 hadi 18:00 kilichoanza vizuri Septemba, ifikapo Novemba kinakatwa na Maghrib katikati. Mtoto anatoka kuswali, anarudi, uzi umekatika, na mwalimu asiyejua anadhani mtoto amepoteza hamu. Sasa Oktoba ikiisha namwandikia kila mzazi tuchague: 16:00 au 18:00 ya kwao hadi Februari. Ramadhani huwa tunapanga upya kabisa, maana shule hufupisha saa na jioni yote ni ya futari na tarawehe. Familia nyingi huchagua asubuhi ya Jumamosi.

Sasa vifaa, na hapa watu hutumia fedha mahali pasipo. Ukiuliza mtandaoni utaambiwa ununue kamera nzuri na taa ya duara. Hisabati haihitaji uso wangu. Inahitaji mkono wangu, yaani mtoto aone mstari unavyoandikwa wakati unaandikwa, na anisikie bila kukatika. Mwanzoni nilipanga vitabu vizito huku na huku mezani, nikaweka rula mbili juu yake kama daraja, nikalaza simu juu ya rula kamera ikitazama chini kwenye karatasi. Simu hiyo niliiingiza kwenye kikao kama mshiriki wa pili, sauti yake nikaizima kabisa, kipaza sauti na spika, maana ukiisahau spika utapata mwangwi unaolia kama filimbi. Sauti ilitoka kwenye kompyuta kupitia spika za masikioni zenye kipaza sauti. Mpango huo ulinifaa miezi minane kabla sijanunua ubao mdogo wa kuandikia unaochomekwa kwenye kompyuta. Kalamu iwe nene, karatasi iwe bila mistari, na usiandike zaidi ya mistari sita kwa ukurasa, kwa sababu mtoto anatazama kwenye kioo kidogo.

Bando nalo lina hesabu yake. Kikao cha Zoom cha watu wawili wanaoonana kwa picha ya ubora wa juu kinahitaji takribani kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na nyingine 600 kurudi. Jumla ni 1,200; gawanya kwa 8 upate kilobaiti 150 kwa sekunde; zidisha kwa sekunde 3,600, nawe umetumia megabaiti 540 kwa saa moja. Sauti peke yake huhitaji kama 80 kwenda na 80 kurudi, ambazo kwa hesabu ileile ni megabaiti 72 kwa saa. Ukiongeza ubao unaoonyeshwa kwenye kioo, ambao haubadiliki sana kama uso unavyobadilika, bado uko chini sana ya picha za nyuso. Kwa hiyo tunaonana dakika mbili za mwanzo, tunasalimiana, namwona mtoto yu hali gani, kisha tunazima nyuso na kubaki na sauti na ubao. Mtandao ukidhoofu, kinachokufa kwanza ni picha ya uso, na kwa kuwa tumeshaizima hatupotezi kitu.

Zoom ya bure hukata kikao kikifika dakika 40, hata mkiwa wawili. Google Meet ya bure haiwakati watu wawili kwa saa moja ya kipindi. Mkiwa watatu au zaidi hukata dakika ya 60. Kumbuka kwamba simu yako iliyo juu ya rula nayo huhesabiwa kama mtu. Kwa familia za Umoja wa Falme za Kiarabu usitegemee kupiga kwa WhatsApp: kwa miaka mingi simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa huko, ujumbe ndio unaopita. Popote mwanafunzi alipo, jaribu linki pamoja na mzazi siku moja kabla, dakika tano tu.

Adui mkubwa wa kipindi hapa kwetu wala si umeme. Umeme ukikatika kompyuta ina betri, na simu inaweza kubeba mtandao. Adui ni mvua ya masika kwenye bati. Ikianza kunyesha sawasawa mwezi wa nne, huwezi kumsikia mtu aliyekaa mbele yako, sembuse aliye Maskati. Nilihamia chumba chenye dari, nikatundika mablanketi mawili ukutani nyuma na pembeni, na kipaza sauti nikakileta karibu na mdomo kiasi cha vidole vitatu. Mvua ikizidi hapo, tuna mpango tulioukubali mapema: naandika bila kusema, mtoto naye anajibu kwa kuandika kwenye kisanduku cha ujumbe. Kipindi kinakwenda polepole lakini hakifi.

Kipindi cha kwanza na mtoto mpya sifundishi kitu. Nampa maswali manane ya kufanya kwa kalamu, bila kikokotoo, kamera yake ikitazama daftari na si uso. Jibu lenyewe silitaki sana kama ninavyotaka kuuona mkono ukifanya kazi. Mwanafunzi mmoja wa darasa la kumi, ambaye ripoti yake ya shule ilikuwa nzuri, alijibu manne kati ya hayo hivi:

```
10 − 4 + 3  = 3
12 ÷ 2 × 3  = 2
0.3 × 0.2   = 0.6
(x + 3)²    = x² + 9
```

Yote manne si sahihi, na kila moja lina chanzo chake. Mawili ya kwanza yanatokana na maneno ya kukariri. Sisi tuna MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Waingereza wana BODMAS, ambayo nayo inataja kugawanya kabla ya kuzidisha. Wamarekani wana PEMDAS, inayotaja kuzidisha kwanza. Mtoto huyu alianza shule yenye mtaala wa Kimarekani akahamishiwa ya Kiingereza, kwa hiyo alizidisha 2 kwa 3 kabla ya kugawanya, akapata 12 kwa 6. Na maneno yote matatu yanamdanganya katika 10 − 4 + 3, kwa sababu yanataja kujumlisha kabla ya kutoa. Naye akajumlisha 4 na 3, akatoa 7. Kanuni yenyewe ni kwamba kuzidisha na kugawanya ni ndugu wa umri mmoja, kujumlisha na kutoa vilevile, na ndugu wa umri mmoja hupokelewa kwa kufuata nani amefika kwanza kutoka kushoto. Majibu ni 9 na 18. Kikokotoo kilikuwa kikimfanyia hilo miaka yote kimya kimya, ndiyo maana hakuna mtu aliyeuona ugonjwa.

La tatu nililitibu kwa sehemu. 0.3 ni 3/10, 0.2 ni 2/10, ukizidisha unapata 6/100, yaani 0.06. La nne nililiacha alipime mwenyewe. Nilimwambia aweke x iwe 10. Upande wa kushoto ni 13 kipeo cha pili, naye akaizidisha kwa mkono akapata 169. Upande wake wa kulia ulikuwa 109. Akanyamaza. Kimya hicho cha mtandaoni kinatisha, na mwalimu mgeni hukimbilia kukijaza kwa maelezo. Nilijifunza kuhesabu hadi kumi moyoni, maana kuna kuchelewa kwa mtandao na kuna kuchelewa kwa fikra, na vyote viwili vinahitaji nafasi. Nilipofika saba alisema, kwa Kiswahili ambacho sikujua anacho, "Kuna sitini imepotea." Tulichora mraba wa 10 na 3, tukaikuta hiyo sitini katika mistatili miwili ya 3 kwa 10, ambayo ndiyo 6x.

Mtoto aliyepotea utamjua kwa neno "yes". Akilisema mara tatu mfululizo bila kitu kingine, hayupo nawe. Usimuulize kama ameelewa. Mwambie akusomee mstari wa tatu, au akupe mfano wake wa swali kama hilo. Na hakuna kipindi kinachoisha kabla hajapiga picha ukurasa wa daftari lake na kunitumia kupitia simu ya mzazi. Narudia: simu ya mzazi. Mawasiliano yote yanapita kwa mzazi, kikao kinafunguliwa kwa akaunti ya mzazi, na mtoto hukaa sebuleni au mlango ukiwa wazi. Mwalimu wa kigeni kwenye kioo ni mtu mgeni ndani ya nyumba, na mzazi anastahili kumwona wakati wowote.

Bei sasa. Nilianza kwa kuweka bei kwa shilingi na nikajuta. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600, kisha kabla ya mwaka kuisha ikashuka chini ya 2,500. Mzazi wa Omani anafikiri kwa riali, na riali moja ni takribani dola 2.60, kiwango kilichofungwa tangu 1986. Bei ya riali haimshtui. Kwa kipindi cha saa moja cha mtoto mmoja natoza riali 4. Mara mbili kwa wiki, wiki nne, ni vipindi 8, riali 32, karibu dola 83. Nikichukua shilingi 2,500 kwa dola, ni 208,000 kwa mwezi kwa mtoto mmoja.

Mgeni huona hapo shilingi 26,000 kwa saa. Lakini kipindi cha saa moja kina nusu saa ya kuandaa maswali na robo saa ya kusahihisha daftari na kumwandikia mzazi. Jumla ni saa moja na dakika 45, na kipato halisi ni kama 14,900 kwa saa kabla ya bando na umeme. Hesabu hiyo ifanye kabla hujapunguza bei kwa sababu mzazi ameomba. Mimi nikiombwa punguzo, bei ya kipindi siigusi. Napunguza idadi ya vipindi, au namweka mtoto pamoja na mwenzake wa kiwango kilekile, kila mmoja akilipa riali 2.5. Ndugu wawili wa madarasa tofauti siwaunganishi hata mzazi akisihi, kwa sababu mmoja atakuwa anasubiri muda wote.

Kipindi kile cha maswali manane nacho nakitoza, riali 2. Majukwaa ya walimu hufanya vingine. Preply, kwa mfano, huchukua malipo yote ya kipindi cha kwanza cha majaribio, kisha asilimia 33 ya kila kipindi, ambayo hupungua hatua kwa hatua hadi 18 ukishafundisha zaidi ya saa 400. Dola 10.40 zangu zingebaki kama 7 mwanzoni. Silalamiki juu yake, kwa maana jukwaa linamletea mwalimu mwanafunzi ambaye asingempata, na kwa asiye na ndugu wala rafiki nje ni mlango halali. Ila ukiingia kwa mlango huo, mwanafunzi wa jukwaa hubaki wa jukwaa; kanuni zao hazikuruhusu kumhamisha.

Malipo yanakuja mara moja kwa mwezi, kabla ya kipindi cha kwanza. Yakija kila kipindi, ada ya kutuma hulipwa mara nane. Mzazi hutuma kupitia kampuni ya kutuma fedha moja kwa moja kwenye namba yangu ya simu, na jina langu analoliandika lazima lifanane na lililosajiliwa, herufi kwa herufi. Jina moja likiwa limegeuzwa, fedha husimama njiani siku tatu. PayPal usiitaje kwa mzazi. Ukiwa Tanzania unaweza kulipia nayo, lakini kupokea huwezi.

Mwanafunzi hudumu kwa sababu nafasi yake ni yake. Mzazi halipii vipindi nane vya kuelea. Analipia Jumatatu na Jumatano 16:00 ya Maskati, na hakuna mtoto mwingine atakayeipata. Akitoa taarifa saa 12 kabla, tunahamisha. Akisahau, kipindi kimekwenda. Nikishindwa mimi, kwa mtandao au ugonjwa, namlipa kipindi hicho na nusu saa juu yake. Kanuni hii niliiandika kwa mistari minne na naituma kabla ya kupokea senti. Mara mbili nilipuuza kuituma kwa sababu mzazi alikuwa mtu wa karibu, na familia zote mbili nilizipoteza kwa ugomvi mdogo juu ya kipindi kimoja.

Kisha kuna ujumbe wa Alhamisi, ambao nauona una nguvu kuliko kipindi chenyewe. Mzazi haoni mtoto akijifunza. Anaona mtoto kakaa mbele ya kioo. Kwa hiyo kila mwisho wa wiki yao ya shule namwandikia mistari mitatu au minne. Huu ni mmoja:

"Assalamu alaykum mama. Wiki hii tumejumlisha sehemu zenye asili tofauti. Jumatatu alikosa manne kati ya sita, jana amekosa moja. Bado anasahau kurahisisha jibu mwishoni, kwa hiyo nimempa maswali matano ya hilo tu. Msalimie bibi, mwambie shikamoo."

Hakuna sifa za jumla mle, hakuna "anaendelea vizuri". Kuna idadi, kuna kosa moja, na kuna kitakachofuata. Mzazi akijua kinachofuata, hakatishi mwezi katikati. Na kama mtoto haendi mbele kwa wiki tatu, nalisema hilo pia, kwa idadi zilezile. Mara moja ilionekana kuwa mtoto haoni vizuri, si kwamba hajui. Alikuwa akisoma 6 kama 8 kwenye ubao wangu, na mama akampeleka kupimwa macho.

Lakini hata mwanafunzi mwaminifu kuliko wote ana siku ya kuondoka, nayo iko kwenye kalenda. Mitihani mingi ya IGCSE hufanyika Mei na Juni. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na watoto watano, wanne kati yao wakiwa mwaka wa mtihani. Katikati ya Juni nilibaki na mmoja, naye akasafiri na familia yake Unguja hadi shule zilipofunguliwa. Juni hadi Agosti sikuwa na kipato cha maana, na kama shamba la mpunga lisingekuwa linavunwa wakati huohuo ningekopa.

Sasa nachukua watoto kwa umri wa mtihani wao. Nina nafasi sita, na sijazi zaidi ya mbili kwa watoto wa mwaka wa mtihani. Mbili ni za walio mwaka mmoja nyuma, na mbili za walio miaka miwili nyuma, ambao ndio wenye nafasi ya kutengenezwa mkono bila haraka. Mzazi wa mtahiniwa akinipigia Februari akiwa na hofu, namweleza ukweli: kwa miezi mitatu naweza kumfundisha mtoto kuipanga Karatasi ya 2 na kuokota alama za njia hata jibu likimshinda, lakini mazoea ya miaka minane ya kubonyeza siwezi kuyaondoa. Wengine hukata simu. Mmoja aliniuliza kama ningeweza kuanza na mdogo wa mtoto huyo, wa darasa la nane. Huyo ndiye wa 16:00, Jumatatu na Jumatano.